Kuandika tangazo la laptopu iliyotumika ukianza na picha moja tu: mfano wa ThinkPad T480

Chukulia umetumiwa picha moja WhatsApp. Laptopu nyeusi iko wazi juu ya meza, neno ThinkPad na ile nukta yake nyekundu juu ya i, na chini ujumbe: "Shem naomba unisaidie kuandika tangazo la hii mashine nataka kuiuza, we ndo unazijua." Basi. Hakuna modeli, hakuna RAM, hakuna chochote. Wengi hapo wanaangalia picha sekunde mbili, wanaandika "T480, i5, RAM 8, betri iko poa, haina tatizo lolote", halafu mnunuzi anakuja, anaigeuza chini, anasoma stika, na biashara inaishia hapo hapo.

Mi nafanya hivi: kila sentensi ya tangazo lazima iwe na chanzo chake. Kuna vitu nimeviona kwenye picha, kuna vitu mwenye mashine amevipima mbele ya skrini, na kuna vitu havijajaribiwa. Ukichanganya hivyo vitatu ndo unaanza kudanganya hata kama hukukusudia, maana "betri iko poa" siyo kitu cha kuonekana kwenye picha hata siku moja.

Hatua ya kwanza: ijue mashine yenyewe, usikisie

ThinkPad zinafanana sana, na hapa kuna ndugu watatu wanaochanganywa kila siku: T470, T480 na T480s. Kwenye picha ya mbele, T470 na T480 ni karibu kitu kimoja, kava lile lile, kibodi ile ile. Jina la modeli huwa limeandikwa kwenye fremu ya plastiki inayozunguka skrini, kwaiyo zungusha picha, ikuze, litafute. Lakini usiliamini peke yake. Fremu ni kipande cha plastiki kinachobanduliwa na kubadilishwa, fundi akipasua moja anaweka nyingine aliyotoa kwenye mashine iliyokufa, na mashine inaendelea kutembea na jina la marehemu.

Cha kuomba ni picha ya pili: ubavu wa kushoto. Kwenye T470 utaona tundu la chaja la mstatili, lile la zamani la Lenovo. Kwenye T480 halipo, badala yake kuna USB-C mbili zimekaa jirani na chaja inaingia hapo. Hiyo tofauti inaonekana hata kwenye picha mbaya ya usiku.

T480s nayo ina USB-C mbili, sasa hapo unaangalia unene na betri. T480s ni nyembamba na betri yake iko ndani tu. T480 ya kawaida ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nyuma, utaiona ukigeuza mashine, ina vifungio viwili vya kusukuma. Ukiona laptopu imenyanyuka kwa nyuma kama imewekewa kitu chini, mara nyingi ni ile betri kubwa ya kuchomoa ya 72 Wh, imetokeza chini ya mwili. Watu wengine wanadhani ni kasoro, imevimba, kumbe ndo umbo lake. Kwenye tangazo iandike kabisa, itakupunguzia maswali.

Picha ya tatu ndo ya kumaliza ubishi, stika ya chini. Kuna sehemu imeandikwa TYPE, ikifuatiwa na herufi na namba. T480 inaanza na 20L5 au 20L6. T480s ni 20L7 au 20L8. Ukiona 20HD au 20HE hiyo ni T470 hata kama fremu inasema vingine. Stika ikiwa imefutika kwa jasho na joto la mapajani (inatokea sana), mwenye mashine aizime, aiwashe, abonyeze F1 mara kadhaa nembo ikitokea, aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili unayoitaka:

```
Machine Type Model
System-unit serial number
```

Linganisha na stika. Zikipishana maana yake ama ubao mkuu umebadilishwa ama kava la chini limetoka kwenye mashine nyingine. Siyo lazima iwe jambo la wizi, mafundi wanaunganisha mashine mbili kuwa moja kila siku, lakini mnunuzi ana haki ya kujua, kwaiyo inaandikwa: "namba ya chini na ya ndani hazifanani, ubao mkuu au kava la chini lilibadilishwa."

Namba ya kiwanda ya mashine, ile serial, usiiache wazi kwenye picha unayorusha kwa kila mtu. Ifunike kwa kidole, aina ya mashine ibaki inaonekana. Akija mnunuzi wa kweli unampa aiingize mwenyewe kwenye tovuti ya Lenovo aone mashine ilitoka kiwandani na nini.

Na kitu kimoja hapa watu hawakipendi: jina T480 halikwambii prosesa. Usiandike i5 kwa sababu T480 nyingi ulizoziona zilikuwa i5. Ile stika ya Intel pembeni ya kibodi nayo inabanduka na kubandikwa. Soma kwenye Windows, `Settings` halafu `System` halafu `About`, andika jina lote kama lilivyo, mfano i5-8350U. Yale maandishi ya mbele yana maana kubwa, hiyo 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane, na kizazi cha nane ndo Windows 11 inaanza kukipokea rasmi kwa prosesa za namna hii, wakati T470 yenye kizazi cha saba au cha sita haimo. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mnunuzi makini hilo ndo swali lake la kwanza.

Hatua ya pili: soma hali ya nje kwenye picha, taratibu

Hapa picha inafaa kweli, ila lazima ujue unaangalia nini. Mi naanzia kwenye kibodi. Vibonye vya ThinkPad vikiwa vipya havina mng'ao, vinakuwa kama vumbi la mkaa. Vikitumika sana vinaanza kung'aa katikati, hasa kibonye cha nafasi upande wa dole gumba, E, A, na vile vya mishale. Huo mng'ao siyo uchafu, hautoki kwa kitambaa wala kwa spiriti, ni plastiki imelika. Mwenye mashine atakwambia "nitaifuta tu", mwambie hapana, tunaandika "baadhi ya vibonye vinang'aa kwa matumizi, maandishi yote bado yanasomeka." Vivyo hivyo pale viganja vinapopumzika na kwenye tachipadi.

Kwenye picha ya shem wangu kulikuwa na kitu cheusi katikati ya G, H na B. Ukikuza unaona ni kijiti kitupu, kile kikofia chekundu cha kuongozea mshale hakipo. Ni kitu kidogo na kinauzwa peke yake, lakini mnunuzi wa ThinkPad anakiangalia kabla hata ya skrini, we subiri uone. Kinaandikwa.

Baada ya hapo pembe. Omba picha ya kila pembe ya mfuniko kwa karibu, taa ikipiga kwa ubavu siyo kwa mbele. Taa ya mbele inaficha kila kitu. Mwanga wa ubavuni unaonyesha ufa mwembamba, mahali palipobonyea, na mikwaruzo. Ufa kwenye kona karibu na bawaba ni habari tofauti kabisa na mkwaruzo wa katikati ya mfuniko. Mkwaruzo ni sura tu, ufa wa bawabani unakua kila unapofungua na kufunga. Kwaiyo usiandike "michubuko midogo midogo" ukimaanisha vyote viwili, taja ufa uko wapi na una urefu gani, weka hata kalamu pembeni kwenye picha mtu apate kipimo.

Skrini sasa. Hii ina mtego. Ukipiga picha skrini inayowaka, kamera mara nyingi inaleta mistari ya mawimbi na rangi za upinde, na watu wanaogopa wanadhani kioo kimeharibika. Hayo ni mapigano ya pikseli za skrini na za kamera. Sogea nyuma kidogo au geuza pembe, mistari ikibadilika umbo au ikipotea basi ni ya kamera. Ikibaki pale pale kila picha, hiyo ni ya skrini.

Ili kuipima vizuri, mwenye mashine afungue ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini nzima, mwangaza juu kabisa, apige picha. Kwenye weupe utaona madoa ya kugandamizwa, vimng'ao vyeupe kama umebonyeza kidole, vinatokea mtu akibeba laptopu kwenye begi lililobanwa na vitu vizito. Kisha ukurasa mweusi gizani, hapo unatafuta pikseli zilizoganda na mwanga unaovuja kwenye kingo. Picha mbili tu, dakika moja.

Na ukubwa wa picha wa skrini pia haukisiwi. T480 zilitoka na skrini za 1366x768, 1920x1080, na chache za 2560x1440. Ile ya 1366x768 unaweza kuihisi, ukiiangalia kutoka chini rangi zinageuka, nyeusi inakuwa kama fedha. Lakini kuhisi siyo kuandika, nenda `Settings`, `System`, `Display`, soma.

Hatua ya tatu: vitu ambavyo picha haiwezi kusema

Betri ndo uongo mkubwa wa matangazo. "Betri inakaa masaa sita" maana yake nini? Ukiwa unafanya nini, mwangaza wa ngapi? Afadhali namba. Fungua Command Prompt, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakwambia imehifadhi faili wapi, lifungue. Kwenye T480 utakuta betri mbili zimeorodheshwa, na kila moja ina `DESIGN CAPACITY` na `FULL CHARGE CAPACITY`. Ya kwanza ni uwezo ilipozaliwa, ya pili ni uwezo wa sasa hivi. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Kwenye mashine ya shem betri ya ndani ilizaliwa na 23,950 mWh, sasa inajaa 15,570, yaani asilimia 65. Ya kuchomoa ilikuwa asilimia 71. Hizo mbili zinaandikwa kila moja peke yake, usizijumlishe ukatoa wastani, kwa sababu ya nje mtu ananunua nyingine anachomeka tu, ya ndani lazima afungue mashine. Ripoti ikiwa na `CYCLE COUNT` iweke nayo, ikiwa tupu iache, usijaze.

Namba hizo nazo zina mipaka. Betri inaweza kuonyesha uwezo wa asilimia 70 halafu ikazima ghafla chaji ikifika 20. Kwaiyo ichajiwe ijae, chaja itoke, icheze video mwangaza wa nusu mpaka izime yenyewe, uandike imekwenda muda gani na jinsi ilivyozima. Ni mchana mmoja unaupoteza lakini ndo sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye tangazo.

Halafu zile USB-C mbili. T480 inapokea chaja kwenye tundu lolote kati ya hayo mawili, kwaiyo jaribu chaja kwanza la nyuma karibu na bawaba, kisha la pili lenye alama ya radi. Haya matundu yameungwa kwenye ubao mkuu wenyewe, likilegea siyo kazi ya dakika tano. Tikisa waya kidogo, angalia kama taa ya chaji inakatika. Kuna na suala la programu ya ndani ya hilo tundu la radi: ThinkPad nyingi za miaka hiyo, T480 ikiwemo, Lenovo waliwatolea apdeti waliyoiita ya lazima kwa sababu toleo la zamani linaweza kufanya USB-C ziache kufanya kazi. Kama tundu moja halisomi kitu, usiandike "labda ni programu tu." Andika halisomi, na kama apdeti imewekwa au haijawekwa.

Kubwa kuliko yote, paswedi. Ukibonyeza F1 ikakuomba paswedi kabla ya kuingia BIOS, na mwenye mashine haijui, tangazo linasimama hapo. Kwenye ThinkPad hiyo paswedi ya msimamizi haifutiki kwa kutoa kale kabetri kadogo ka ubaoni kama wanavyofanya kwenye mashine nyingine, na Lenovo wenyewe jibu lao ni kubadilisha ubao mkuu. Mashine inaweza kuwaka na kufanya kazi vizuri tu, lakini anayeinunua hataweza kubadilisha mipangilio ya ndani. Jambo la pili la aina hiyo ni mashine zilizotoka maofisini: ukiifuta irudi kwenye hali ya kiwandani, ikiunganishwa na intaneti inaomba akaunti ya kampuni fulani. Hiyo bado imefungwa kwa mwenyewe wa zamani, usiitangaze kabisa mpaka kampuni iiachie.

RAM na diski ni rahisi, fungua Task Manager, `Performance`, soma. T480 ina nafasi mbili za RAM, kwaiyo andika kama ni kipande kimoja au viwili, mtu anayetaka kuongeza anafurahi akijua nafasi moja iko tupu. Kamera, spika, maiki, waifai, jaribu kila kimoja. Usichojaribu kiseme.

Hatua ya nne: andika sasa

Anza na kitu chenyewe, kisha kasoro, kisha mengine. Najua wengi wanaweka kasoro mwishoni kwa herufi ndogo. Mi naziweka juu kwa sababu anayezikataa hatakupigia simu, na anayekuja anakuja ameshazikubali, hana pa kukukomolea mezani. Hili ndo tangazo lililotoka kwenye ile picha moja, baada ya kumsumbua shem atume nyingine kumi na kitu:

"Lenovo ThinkPad T480 (aina 20L5, stika na BIOS zinafanana). Prosesa i5-8350U, RAM 8GB kipande kimoja, nafasi ya pili tupu, SSD 256GB, skrini 1920x1080 haina tachi.

Kasoro: kikofia chekundu cha katikati ya kibodi hakipo. Ufa kama sentimita mbili kona ya kulia ya mfuniko karibu na bawaba, picha ya 4, bawaba bado inakaza. Doa moja jeupe la kugandamizwa chini kushoto ya skrini, linaonekana kwenye ukurasa mweupe tu, picha ya 6. USB-C ya nyuma imelegea, chaja inakatika ukitikisa waya, ya pili iko imara na ndo tunayotumia. Vibonye vya katikati vinang'aa, vyote vinaandika.

Betri: ya ndani 65% ya uwezo wa mwanzo, ya kuchomoa 71%. Video mwangaza nusu zimekwenda saa nne, ikazima kwa kawaida siyo ghafla. Ripoti ni picha ya 9.

Tumejaribu na vinafanya kazi: kamera, spika, maiki, waifai, USB zote mbili za kawaida, HDMI. Hatujajaribu: tundu la waya wa intaneti, kisoma kadi, alama ya kidole. BIOS haina paswedi. Haijawahi kufunguliwa ikiwa mikononi mwetu, kabla ya hapo hatujui, tuliinunua ikiwa imetumika. Inakuja na chaja ya Lenovo ya USB-C, haina boksi."

Angalia ile "hatujui". Shem alitaka tuandike "haijawahi kufunguliwa." Nikamuuliza we umejuaje na uliinunua mkononi mwa mtu? Kimya. Akasema basi andika unavyotaka. Ukitaka kidokezo, angalia vichwa vya skrubu za chini kwenye picha: zilizopauka kingo au zilizoliwa na bisibisi zimeshaguswa, lakini zikiwa safi bado haithibitishi kitu, fundi mzuri haachi alama.

Maneno ya kuyakwepa ni yale yasiyopimika: kali, safi sana, kama mpya, ya kishua, haina shida. Kila ukitaka kuandika mojawapo jiulize picha namba ngapi inaonyesha hilo. Picha nazo ziwe za siku hizo hizo, za mashine yenyewe, na ziwekwe namba ili tangazo liweze kuzitaja. Za kupakua mtandaoni hapana, hata kama ni modeli ile ile na taa zake zimependeza.

Tangazo likikaa wiki kadhaa kabla ya kuuzika na mashine inaendelea kutumika, rudia ripoti ya betri na ile picha ya ufa, badilisha namba kama zimebadilika. Mnunuzi akifika, mashine iwe imeshafutwa, akaunti yako imetoka, Windows iko kwenye ukurasa wa kuanza upya. Mpe aizime na kuiwasha mwenyewe, abonyeze F1 mwenyewe, asome ile aina 20L5 kwa macho yake, halafu achomeke chaja kwenye lile tundu lililolegea kabla hajahesabu hela.